Kutoka Ujumbe wa Simu Hadi Ripoti ya Zamu: Jinsi Habari za Mgonjwa Wako Zinavyokabidhiwa

Mgonjwa aliyelazwa hospitalini hahudumiwi na muuguzi mmoja. Katika siku tatu atapita mikononi mwa wauguzi wengi, kwa kuwa kila zamu ikiisha mmoja huenda nyumbani na mwingine huingia. Kinachowaunganisha ni ripoti ya zamu: maelezo ambayo anayetoka humwachia anayeingia kuhusu kila mgonjwa wadini. Ikiwa maelezo hayo yana pengo, anayeingia huanza kazi akiwa na pengo hilo hilo.

Desturi ni kwamba ripoti hutolewa kando ya kitanda, wauguzi wote wawili wakimtazama mgonjwa, kisha huandikwa kwenye kadeksi inayobaki wadini. Siku hizi sehemu ya ripoti hupitia kwenye simu pia. Muuguzi aliyekesha huandika ujumbe mfupi akiwa anakusanya vitu vyake, na mwenzake huusoma akiwa njiani kuja kazini. Ujumbe wa namna hiyo una faida yake, kwa maana humwandaa anayeingia kabla hajafika. Tatizo huja pale ujumbe unapochukua nafasi ya ripoti.

Makala haya yanaonyesha jinsi ujumbe mmoja wa kawaida unavyogeuzwa kuwa ripoti inayoweza kufuatwa. Mgonjwa wa mfano ni mtoto mwenye malaria kali na upungufu wa damu, hali ambayo familia nyingi za Kabuchai na Bungoma kwa jumla zinaijua, kwa kuwa tuko katika ukanda ambao malaria haikomi mwaka mzima. Mfano wenyewe umetungwa. Si mtoto wa hospitali yoyote, ila vipimo na taratibu za matibabu ni zile zinazotumika wadini.

Ujumbe wenyewe

Ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku anaandika hivi:

"Umeamkaje sista. Usiku ulikuwa mrefu wacha tu. Mtoto wa kitanda 6 alitusumbua, akapata degedege usiku wa manane lakini akarudi. Sukari ilikuwa chini tukampa glukosi. Saa hii ako sawa. Damu ilipatikana, inaenda. Dozi ya sindano inayofuata ni 2. Daktari akija mkumbushe ile maneno ya damu. Mamake hajalala kabisa, mpe moyo. Nakimbilia matatu ya Chwele."

Ujumbe huu umeandikwa na mtu anayemjali mgonjwa wake. Ametaja degedege, sukari, damu na dawa, na hata mama wa mtoto hakumsahau. Kwa mtu aliyekuwa wadini usiku huo, kila neno lina maana kamili. Lakini anayeusoma hakuwa wadini, naye ndiye atakayeshika sindano.

Hatua ya kwanza: jambo moja, mstari mmoja

Muuguzi anayeingia anaanza kwa kuuvunja ujumbe. Kila jambo linapewa mstari wake, na salamu na pole zinawekwa kando. Anabaki na mistari sita: degedege, sukari, hali ya mtoto sasa, damu, dozi ya sindano, na jambo la kumkumbusha daktari.

Kisha kila mstari unaulizwa maswali mawili: saa ngapi, na kiasi gani? Hapo ndipo mapengo yanapojitokeza. Degedege la saa ngapi, na lilidumu muda gani? Sukari ilikuwa chini kiasi gani, na ilipimwa tena baada ya glukosi? Damu ilianza kuingia saa ngapi, na ni kiasi gani? Dozi ni ya miligramu ngapi? "Ako sawa" ni sawa vipi?

Katika hatua hii hakuna kukisia. Mtu mwenye haraka anaweza kuchukua "ako sawa" na kuandika "mtoto ana fahamu kamili", kwa kuwa inasikika vizuri zaidi kwenye kadeksi. Ujumbe haukusema hivyo. Ripoti safi iliyojazwa makisio ni hatari kuliko ujumbe ovyo, kwa sababu ujumbe ovyo humfanya msomaji aulize, ilhali ripoti safi humfanya aamini.

Ile namba 2

Kati ya mistari yote sita, ule wa dozi ndio unaoweza kuleta madhara haraka zaidi, na chanzo chake ni jinsi sisi tunavyohesabu saa.

Mtu anayezungumza Kiswahili akisema saa mbili asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha 8. Lakini kwenye fomu za hospitali saa huandikwa kwa kufuata saa ya ukutani. Kwa hiyo "ni 2" inaweza kuwa saa mbili asubuhi, ambayo ni 08:00. Inaweza kuwa saa nane mchana, ambapo saa ya ukutani inaonyesha 2, yaani 14:00. Inaweza pia kuwa saa mbili usiku, 20:00. Namba moja imebeba nyakati tatu, na zote zinaingia akilini.

Kwa mtoto huyu tofauti hiyo si ndogo. Dawa ya sindano ya malaria kali ni atesuneti. Dozi ya pili hutolewa saa 12 baada ya ile ya kwanza, na ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza. Baada ya hapo hutolewa mara moja kwa siku hadi mgonjwa aweze kumeza dawa, ndipo huhamishiwa kwenye vidonge vya malaria vya siku tatu. Dawa hii huua vimelea haraka, lakini pia hutoka mwilini haraka. Dozi ya pili ikicheleweshwa, mtoto hubaki bila kinga ya kutosha wakati vimelea bado vimo ndani ya damu yake.

Muuguzi anayeingia anafungua chati ya dawa. Dozi ya kwanza ilitolewa jana saa mbili usiku, 20:00. Ukiongeza saa 12 unapata 08:00. Basi "2" ya ujumbe ni saa mbili asubuhi, na imebaki chini ya saa nzima. Kama angeisoma kuwa saa nane mchana, mtoto angechelewa kwa saa sita, na hakuna kengele ambayo ingelia.

Ndiyo maana kwenye ripoti saa huandikwa kwa tarakimu nne: 08:00, 14:00, 20:00. Mdomoni tuendelee kusema saa mbili kama kawaida yetu. Kwenye karatasi, saa isiwe na tafsiri mbili.

Hatua ya pili: ulizia kilichokosekana

Muuguzi anayeingia anampigia mwenzake kabla hajapanda matatu. Simu ya dakika tatu inatosha, kwa sababu tayari anajua anachotaka kuuliza. Hamwambii "nieleze tena". Anauliza mstari mmoja mmoja.

Anajibiwa hivi. Degedege lilianza 01:15, likadumu kama dakika mbili, likaisha lenyewe. Sukari ilipimwa 01:20 ikawa milimoli 1.9 kwa lita. Kwa mtoto, chini ya 2.2 ni hatari. Alipewa mililita 60 za glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, na sukari ilipopimwa tena 01:50 ilikuwa 4.6. Damu ilifika alfajiri, ikaanza kuingia 04:30. Ile "maneno ya damu" ni kwamba daktari aliagiza kiwango cha damu kipimwe tena baada ya mfuko kuisha.

Kisha anauliza swali ambalo ujumbe haukuligusa kabisa: kuna chochote kilichopangwa na hakikufanyika? Mwenzake anakumbuka. Sukari ilitakiwa kupimwa tena 06:00. Wakati huo aliletwa mtoto mwingine aliyekuwa anahema kwa shida, wote wakaenda kwake, na kipimo kikapita.

Hilo ndilo pengo gumu kuliko yote, kwa maana haliachi alama. Anayesoma "sukari ilikuwa chini tukampa glukosi" huchukulia kwamba jambo limekwisha. Kumbe mtoto aliyeshuka sukari mara moja akiwa na malaria kali anaweza kushuka tena, na huyu hajapimwa kwa zaidi ya saa tano. Kwa hiyo kila ripoti inahitaji mstari wa yale ambayo hayakufanyika. Kuuandika si kumshtaki mtu. Zamu ya usiku ilifanya lililo sahihi kumkimbilia aliyekuwa anakosa pumzi. Kazi iliyobaki inahitaji tu mtu mwingine aijue.

Hatua ya tatu: kitanda ndicho kinachothibitisha

Saa moja na nusu asubuhi muuguzi anayeingia yuko kando ya kitanda 6. Hapo "ako sawa" inapata maana. Mtoto amefungua macho, anamtambua mamake, na amekunywa maji vijiko vichache. Mapigo ya moyo ni 148 kwa dakika, anapumua mara 46 kwa dakika, na joto ni 37.6. Sasa anaweza kuandika, kwa sababu ameona kwa macho yake.

Anatazama mfuko wa damu pia. Mtoto ana kilo 12, na alipangiwa mililita 240, yaani 20 kwa kila kilo, ziingie kwa muda wa saa nne. Ilianza 04:30, hivyo mwisho wake ni 08:30. Zimepita saa tatu, na zingekuwa zimeingia mililita 180. Mfuko unaonyesha 150. Zimebaki 90, na muda uliobaki ni saa moja.

"Inaenda" ilikuwa kweli. Ila inaenda polepole kuliko ilivyopangwa, na hilo linahitaji uamuzi. Damu haiachwi ikining'inia zaidi ya saa nne, kwa kuwa nje ya jokofu vijidudu huweza kuzaliana ndani yake. Wala haifai kuikimbiza tu ili iishe, kwa sababu moyo wa mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu unaweza kulemewa. Jambo la kufanya ni kumweleza daktari mapema, angali na saa moja ya kuamua.

Hatua ya nne: panga upya

Sasa habari zote zipo, lakini bado zimetawanyika kati ya ujumbe, simu, chati na kitanda. Zinapangwa katika visanduku vinne ambavyo hospitali nyingi duniani hutumia: hali ilivyo sasa, ilikotoka, tunavyoiona, na la kufanya. Mpangilio huu ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ambako watu wa vyeo tofauti walihitaji kupashana habari kwa ufupi bila kuacha jambo. Baadaye ukaingia hospitalini, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza kwa ajili ya kukabidhiana wagonjwa.

Ripoti ya kitanda 6 inatoka hivi:

Mgonjwa: Kitanda 6, miaka 3, kilo 12. Malaria kali na upungufu mkubwa wa damu.

Hali ilivyo sasa (07:30, nimeona mwenyewe): Macho wazi, anamtambua mamake, anakunywa kwa kijiko. Mapigo 148, pumzi 46, joto 37.6. Damu inaingia: 150 kati ya mililita 240.

Ilikotoka: Alilazwa jana jioni. Kiwango cha damu wakati wa kulazwa gramu 3.8 kwa desilita. Atesuneti miligramu 36, dozi ya kwanza jana 20:00. Degedege 01:15, dakika 2, liliisha lenyewe. Sukari 01:20 ilikuwa 1.9, alipewa glukosi ya asilimia 10, mililita 60, sukari 01:50 ilikuwa 4.6. Damu ilianza 04:30.

Tunavyoiona: Fahamu imerudi. Sukari inaweza kushuka tena. Damu iko nyuma kwa mililita 30.

Haikufanyika: Sukari ya 06:00.

La kufanya: Sasa hivi, pima sukari. Sasa hivi, mjulishe daktari kwamba damu inachelewa. 08:00, atesuneti dozi ya pili, miligramu 36. 08:30, mwisho wa damu. Baada ya damu, pima kiwango cha damu kama daktari alivyoagiza. 20:00 leo, atesuneti dozi ya tatu: iingie kwenye ripoti ya zamu ijayo.

Mwite daktari mara moja: degedege likirudi, sukari ikiwa chini ya 2.2, pumzi zikizidi kuwa ngumu, au vipele na joto kupanda wakati damu inaingia.

Tazama sehemu ya mwisho ya ripoti. Ujumbe wa asubuhi ulieleza yaliyopita. Ripoti inaeleza yanayokuja, kila moja na saa yake. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi hana nafasi ya kusoma historia na kujitolea hitimisho. Anahitaji kujua afanye nini kwanza.

Dozi ya tatu nayo ina somo lake. Itaangukia saa mbili usiku, karibu na wakati wa kubadilishana zamu, wakati ambapo kila upande unaweza kudhani upande ule mwingine umeshatoa. Ndiyo sababu imeandikwa tayari asubuhi, ikisubiri kuhamishiwa kwenye ripoti ijayo.

Linabaki jambo moja kabla ya kutia sahihi. Anayepokea anasoma ripoti kwa sauti na aliyekabidhi anasikiliza, hata kama ni kwa simu. Akisikia "atesuneti 08:00" anaitikia. Akisikia kosa, analisahihisha hapo hapo. Bila kurudiana hivyo, ripoti ni maandishi ya mtu mmoja tu.

Simu isibaki na siri za mgonjwa

Ujumbe wa mfano haukutaja jina la mtoto, na hivyo ndivyo inavyofaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Simu hupotea, huazimwa, na hutazamwa na watoto nyumbani. Picha ya chati au ya mgonjwa ikitumwa kwenye kundi haiwezi tena kurudishwa. Ujumbe ubaki na namba ya kitanda, ripoti iandikwe kwenye kadeksi, na ujumbe ufutwe mara habari zinapohamishwa. Kadeksi hubaki wadini. Simu huondoka na mwenyewe, na wakati mwingine huzimwa mwenyewe akiwa amelala.

Wewe mkazi unaingia wapi

Ukiwa umemlaza mtu wako, iwe Chwele, iwe Bungoma mjini, au amehamishiwa Kitale, wewe ndiwe pekee uliyepo kitandani kabla na baada ya zamu kubadilika. Unaweza kumsaidia muuguzi anayeingia kwa mambo machache.

Kaa karibu wakati wa kukabidhiana, kama utaratibu wa wadi unaruhusu. Ukisikia jambo ambalo silo, kwa mfano mtoto anasemwa anakunywa ilhali amekataa tangu alfajiri, sema kwa adabu: "Samahani sista, tangu saa kumi na moja hajakunywa kitu." Hiyo ni habari ambayo wakati mwingine hakuna mwingine aliye nayo.

Ukiona jambo likitokea usiku, kumbuka saa. Degedege likianza tazama saa kisha itana, na likiisha tazama tena. "Dakika mbili" humsaidia daktari kuliko "kwa muda mrefu". Ukitaja saa, taja pia kama ni asubuhi, mchana au usiku.

Na zamu mpya ikishaingia, una haki ya kuuliza maswali haya mawili: "Dawa ya mtoto wangu inayofuata ni saa ngapi?" na "Kuna kipimo kilichobaki?" Muuguzi mwenye ripoti iliyopangwa hujibu bila kusita. Akihitaji kwenda kuangalia kwenye chati, mwache aende. Kwenda kuangalia ni bora kuliko kukisia, na huenda swali lako ndilo litakalofanya ile sukari ya 06:00 ipimwe.